Mtoto wa miaka 9 anaosha vyombo vinabaki na mafuta: umri bado, au tunafundisha vibaya?

#1 Mama Wawili
Wadau habari. Nina mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Kila orodha ya kazi za nyumbani kwa watoto imepangwa kama ngazi: wa miaka 3 aokote vitu vyake vya kuchezea, wa 5 atandike kitanda, wa 7 afagie, wa 9 aoshe vyombo. Mkubwa alipofika 9 nikampa vyombo vya usiku. Hivi sasa ni mwezi wa pili. Anaosha kila siku bila ubishi, lakini sahani zinateleza kwa mafuta na usiku navirudia mwenyewe. Ninachotaka kujua ni hiki: umri bado, au kuna kitu sijamfundisha? Na huyu mdogo nimwanzishie nini sasa ili asifike miaka 9 akiwa hivi hivi?

#2 Nahodha
Miaka 9 ni mkubwa kabisa, mikono yake inaweza. Tatizo ni kwamba anajua utarudia. Mrudishie sahani yenye mafuta, aoshe tena mpaka ing'ae. Siku tatu tu atanyooka.

#3 Mlezi wa Awali
Nahodha yuko sawa kuhusu mama kurudia, ila tusimhukumu mtoto kabla ya kuona anavyoosha. Mleta uzi, tujibu haya kwanza. Anaanza na chombo gani na kumaliza na kipi? Maji ni ya baridi au ya uvuguvugu? Ana beseni moja au mawili? Sponji ya sufuria ndiyo hiyo hiyo ya glasi? Ukingo wa beseni unafika wapi kwenye mwili wake? Na unaporudia kuosha, yeye huwa anakuona?

#4 Kitasa
Jamani, mtoto wa miaka 4 kuoshea familia nzima vyombo ni kumtumikisha. Mwacheni acheze.

#5 Bi Shani
Kitasa, soma tena #1. Anayeosha ni wa miaka 9. Wa miaka 4 ameulizwa aanze na nini tu.

#6 Kitasa
Nimeona, samahani. Basi kwa wa miaka 4 naomba iwe kazi ya dakika tano, isizidi hapo.

#7 Mama Wawili
Asante Mlezi. Nilimsimamia jana bila kusema neno, nikahesabu kila kitu. Vyombo: sahani 5, glasi 2, vikombe 3, bakuli 2 za plastiki, vijiko, sufuria 2 na kikaango kimoja. Alianza na sufuria kubwa kwa sababu "kubwa zitoke kwanza nipate nafasi". Maji ya baridi, beseni moja la kuoshea, kisha anasuuza kwenye ndoo. Sponji ni moja kwa vyote. Sabuni anamimina moja kwa moja kwenye sponji kila baada ya chombo. Ukingo wa beseni unamfika karibu na kifua. Alitumia dakika 50. Na ndiyo, nikirudia huwa anakuwa mezani hapo hapo, ananiona.

#8 Mlezi wa Awali
Sasa tumepata jibu, na si uvivu. Mtu mzima akiosha kwa utaratibu huo naye atatoa sahani zenye mafuta. Sufuria na kikaango ndivyo vyenye mafuta mengi kuliko vyote. Vikiingia kwanza, maji yote ya beseni yanakuwa mchuzi, na kila kinachofuata kinaogeshwa kwenye mafuta hayo. Sponji nayo imeshayanywa. Kufika sahani ya tano anapaka mafuta akidhani anayatoa.

Ona pia mantiki yake. "Kubwa zitoke kwanza" ni wazo zuri la mtoto anayefikiri. Ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa kazi hii hupangwa kwa kiasi cha mafuta, si kwa ukubwa. Alipewa kazi nzima siku moja, akajaziwa mapengo na akili yake.

Beseni la kufika kifuani nalo linamchosha. Ukingo ukiwa juu ya kiwiko, mabega yanapanda, maji yanatiririka kwenye mkono mpaka kwapani, na hana nguvu ya kusugua kwa sababu anasukuma akielekea juu. Mshushie beseni au mpe kigoda kipana kisichoyumba, ukingo uwe usawa wa kiwiko au chini kidogo. Nahodha, hili ndilo lililonifanya niulize kabla ya kumrudishia sahani. Angeirudia ndani ya maji yale yale.

#9 Nahodha
Hapo umenishika. Ila bado nasema aone matokeo ya kazi yake.

#10 Mpishi wa Zamu
Naongezea kutoka upande wa jiko kubwa, maana tunafundisha watu wapya jambo hili kila mara.

Kabla maji hayajamiminwa, makombo yote yakwanguliwe kwenye pipa. Kikaango kifutwe kwa karatasi kikiwa kimepoa. Karatasi moja inaondoa mafuta ambayo yangekula sabuni ya beseni zima. Sufuria zenye ukoko zijazwe maji na tone la sabuni, ziwekwe pembeni zilowe wakati vingine vinaoshwa. Zikisubiri nusu saa, ukoko mwingi unaachia wenyewe, na mtoto hahitaji kukwaruza kwa nguvu asiyokuwa nayo.

Kisha: glasi, vikombe, vijiko, sahani, bakuli, halafu maji yamwagwe. Maji mapya ndiyo yaoshe sufuria, na kikaango kiwe cha mwisho kabisa. Glasi iliyokuwa na maziwa isuuzwe kwanza kwa maji ya baridi, maana maji ya moto yanayagandisha ukutani. Sponji mbili, rangi mbili: moja haigusi sufuria kamwe. Rangi zinamwokoa mtoto asihitaji kukumbuka.

Kwa sabuni, beseni la lita 5 kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kinatosha. Povu likiisha kabisa na maji yakawa na ngozi ya mafuta juu, usiongeze sabuni, badilisha maji.

#11 Mwalimu Maabara
Mpishi, nakubaliana nawe. Nisisitize hapo kwenye sabuni kwa sababu watoto wengi humimina wakidhani nyingi ndiyo safi. Ikizidi, kazi inahamia kwenye kusuuza. Utelezi unaobaki kwenye sahani ni sabuni, na mtoto akiguswa na utelezi huo anadhani ni mafuta, anaongeza nyingine. Inawezekana kabisa sehemu ya "mafuta" ya mleta uzi ni sabuni ambayo haikusuuzwa.

Kutofautisha ni rahisi. Suuza sahani hiyo peke yake kwa maji safi, uiguse tena. Utelezi ukiondoka ilikuwa sabuni. Ukibaki, ni mafuta.

Maji yawe ya uvuguvugu, mkono uweze kukaa ndani bila kuutoa. Na mpangilio wa kumimina una maana: maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yaongezwe juu na mtu mzima. Yakitangulia ya moto, kuna dakika moja ambapo mtoto anaweza kutumbukiza mkono kabla ya kupozwa. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto ndani ya sekunde chache tu, na kwa macho hayatofautiani na ya nyuzi 40.

#12 Mpishi wa Zamu
Kweli kabisa. Kuna pia kipimo cha macho tunachowafundisha: mwagia sahani maji, inamishe. Maji yakitanda kama pazia, ni safi. Yakijikusanya matone matone na kuacha mapengo, kuna mafuta. Mtoto wa miaka 7 anakielewa kipimo hiki siku hiyo hiyo.

#13 Mwalimu Maabara
Kwa glasi na sahani za udongo, sawa. Kwa plastiki kipimo hicho kitamdanganya mtoto. Plastiki yenyewe haipendi maji. Hata ikiwa safi kabisa maji yatajikusanya matone. Mtoto atasugua bakuli lile lile robo saa akingoja pazia lisilokuja. Kwa plastiki atumie kidole kikavu upande wa nje wa kitako baada ya kusuuza na kukausha. Na plastiki inashika mafuta kuliko udongo, kwa hiyo bakuli hizo 2 ziende mwishoni pamoja na sufuria, si pamoja na sahani.

#14 Mpishi wa Zamu
Nimekubali, bakuli za plastiki zishuke foleni.

#15 Mlezi wa Awali
Kipimo hicho ndicho kiini cha swali la mleta uzi kuhusu miaka. Wengi tunadhani jukumu linakua kwa kuongeza kazi: mwaka huu sahani, mwakani kufua, mwaka ujao kupika. Mimi naona linakua ndani ya kazi ile ile, kwa kumhamishia mtoto sehemu ambayo awali ilikuwa ya mzazi. Kwanza unampa mkono: yeye anafanya, wewe ndiye unayeona kama ni safi. Kisha unampa jicho: yeye mwenyewe anapima, wewe unanyamaza. Halafu unampa kuanza: haambiwi "nenda kaoshe". Mwisho unampa kufikiria mbele, kama vile sabuni inaisha keshokutwa, au sponji imeanza kunuka.

Mtoto wa miaka 9 hapa amepewa mkono tu. Jicho bado liko kwa mama, ndiyo maana mama anarudia kila usiku na mtoto ametulia. Kwa upande wake kazi imekwisha, kwa sababu kuona kama ni safi hakujawahi kuwa kazi yake.

Kwa wa miaka 4 mimi huanzia mwisho wa kazi na kurudi nyuma. Wa miaka 2 au 3 anaweza kupokea vijiko vikavu na kuvitia kwenye droo, kimoja kimoja, kijiko kwa kijiko na uma kwa uma. Wa 4 anakausha vikombe vya plastiki na kuvipanga. Wa 5 anasuuza kwenye beseni la pili. Karibu na miaka 6 au 7 anaosha vikombe na sahani, wewe ukiwa umeshapanga maji na foleni. Kwenye 8 anapanga foleni mwenyewe. Sufuria na kubadilisha maji, 9 au 10. Jiko zima, kuanzia kukwangua hadi kukamua sponji na kufuta sinki, 11 au 12. Akianzia mwisho, kila siku anaishia kwenye kazi iliyokamilika: droo imejaa, meza tupu. Akianzia mwanzo, anaachia katikati mtu mwingine amalizie, na hajui kukamilika kunafananaje.

#16 Bi Shani
Mlezi, hapa sikubaliani nawe. Kumwanzishia mtoto kwenye vijiko vikavu ni kumpa sehemu tamu, na chombo kinakuwa kama kimetokea tu safi. Mimi nasema aanze na sahani yake mwenyewe, kutoka kiti chake: aibebe, akwangue, aiweke kwenye rundo. Wa miaka 3 anaweza ikiwa sahani haivunjiki na pipa liko chini. Anajifunza kwamba aliyechafua ndiye anayeondoa. Miaka 5 anaongeza glasi yake. Miaka 7 anaosha vyake alivyotumia, vitatu tu. Miaka 9 ndipo anaosha vya wote. Hapo jukumu limekua kutoka kwangu kwenda kwetu.

#17 Zuhura
Njia zote mbili zinafanya kazi, ila zinafundisha vitu viwili tofauti. Ya Mlezi inafundisha ufundi, ya Bi Shani inafundisha umiliki. Swali langu kwa Bi Shani: mtoto aliyezoea "vyangu vitatu" hadi miaka 9 huwa anakataa vya wengine. "Hii si yangu" inatoka mdomoni kabla ya sponji kulowa.

#18 Bi Shani
Hilo hutokea ukichelewa. Ndiyo maana kuanzia 8 anaosha vyake pamoja na cha mtu mmoja mwingine, kwa zamu ya mtu. Leo cha baba, kesho cha dada. Asizoee namba tatu.

#19 Mlezi wa Awali
Hilo la chombo kimoja cha mwingine ni zuri, nalichukua. Kwa kuanzia mwisho bado nasimama pale pale.

#20 Nahodha
Mnazunguka sana. Mlipeni. Sahani 5 safi, sarafu moja. Chafu, hakuna. Jicho litakua usiku huo huo.

#21 Zuhura
Nahodha, malipo yanaua moyo wa kusaidia. Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1973 wa Lepper, Greene na Nisbett: watoto waliopewa zawadi kwa kuchora waliacha kupenda kuchora.

#22 Mwalimu Maabara
Zuhura, utafiti upo, ila tuuseme ulivyo. Walikuwa watoto wa chekechea ambao tayari walipenda kuchora. Waliopungukiwa hamu ni wale walioahidiwa tuzo kabla ya kuchora. Waliopewa tuzo bila kutarajia hawakupungukiwa. Sasa, sijui mtoto wa miaka 9 anayependa kikaango kiasi hicho mpaka tuogope kumharibia mapenzi. Kilicho karibu zaidi na mada yetu ni ule wa Warneken na Tomasello wa 2008: watoto wa miezi 20 wanaosaidia wenyewe kuokota kitu kilichoanguka, waliopewa zawadi ya kitu kila waliposaidia walipunguza kusaidia baadaye, kuliko waliopongezwa tu au ambao hawakupewa chochote. Lakini hao ni wa miezi 20. Kuuhamisha moja kwa moja hadi miaka 9 ni kuruka mbali.

#23 Zuhura
Sawa, nilikuwa nimeufupisha mno. Hata hivyo nina tatizo la pili na sarafu: siku atakapokuwa hazihitaji atasema "leo silipwi, sioshi", na hapo utakuwa umempa haki ya kukataa.

#24 Nahodha
Hoja hiyo ya pili naielewa kuliko ya utafiti.

#25 Tandabui
Ninavyojua mimi, kazi zinazolipwa ziwe zile ambazo si za kila siku, kama kusafisha stoo. Vyombo vya kila siku viko kwenye fungu moja na kupiga mswaki. Na swali la pembeni: mbona hakuna aliyetaja visu?

#26 Mpishi wa Zamu
Asante kwa kutaja. Kisu hakitumbukizwi kwenye beseni lenye povu, kamwe, hata na mtu mzima. Mkono unaoingia kutafuta kijiko ndio unaokutana na makali. Kisu kilale juu ya meza, nyuma ya beseni, mpini ukimwelekea anayeosha. Kinaoshwa peke yake: shika mpini, sponji ipite kutoka mgongo wa kisu kwenda kwenye makali, kamwe isiteleze kwa urefu wa makali. Kinasuuzwa na kuwekwa kwenye kichanja ncha ikiwa chini. Visu butu vya mezani mtoto wa miaka 6 au 7 anaviosha bila shida. Kisu cha kukatia, mimi sitoi kabla ya miaka 10, na mara ya kwanza kinaoshwa kabla ya vyombo vyote, mikono ikiwa haijachoka na maji yakiwa hayana povu jingi.

#27 Tandabui
Mimi wangu alipewa kisu kikali akiwa na 8, akafundishwa hivyo hivyo, na yuko salama.

#28 Mpishi wa Zamu
Inawezekana, watoto hawalingani. Ninachotazama si miaka peke yake: je, anaweza kuosha sahani 5 bila kuangalia pembeni? Anayegeuka kila akiitwa, kisu kisubiri hata akiwa na 12.

#29 Kitasa
Tukiwa hapo hapo kwenye usalama: dawa za kung'arisha zenye klorini zisiguswe na mtoto, na zisichanganywe na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka inachoma mapafu. Chupa ikae juu, ifungwe.

#30 Mama Wawili
Nimerudi baada ya siku nane. Nimebadilisha haya: kigoda, sponji ya njano na ya kijani, beseni la pili la kusuuzia, na foleni ya Mpishi tumeichora kwenye karatasi ukutani, picha tu bila maneno. Kikaango anakifuta kwa karatasi. Maji ya uvuguvugu namwekea mimi. Kipimo cha pazia amekipenda sana, anakifanya mpaka kwenye vikombe vya wageni.

Matokeo: siku ya tatu sahani zote 5 zilitoka safi. Muda umeshuka kutoka dakika 50 hadi 35. Nilizipima pia kama alivyosema Mwalimu, na ni kweli, sahani mbili kati ya zile "zenye mafuta" zilikuwa na sabuni tu. Sufuria bado zinabaki na mstari wa mafuta chini ya ukingo, pale ambapo mdomo wake umekunjwa. Na kosa lingine limebaki: haanzi mpaka niseme. Kila siku nasema mara tatu.

#31 Mpishi wa Zamu
Ule mstari chini ya ukingo wa sufuria huwapita hata watu wazima. Sponji inapozunguka ndani inarukia ukingo. Mwelekeze: aigeuze sufuria ilale ubavu, aweke sponji kwenye ukingo, kisha azungushe sufuria badala ya kuzungusha mkono. Mzunguko mmoja mzima unatosha.

#32 Zuhura
Kuhusu kusahau: sehemu ya ubongo inayosimamia kukumbuka kufanya jambo baadaye bado inakomaa, na inaendelea mpaka ujana na kuupita. Mtoto wa miaka 9 kukumbushwa ni kawaida. Mimi ningekumbusha mara moja bila lawama mpaka afike 11 au 12.

#33 Nahodha
Mbona hasahau saa ya katuni? Ubongo ule ule.

#34 Mlezi wa Awali
Nahodha ameuliza jambo la maana. Katuni ina kitu kinachomwita: sauti, wenzake, saa ile ile. Vyombo havina kitu kinachomwita isipokuwa sauti ya mama. Kwa hiyo sauti ya mama imekuwa ndiyo saa ya kazi, na ikisemwa mara tatu, mtoto amejifunza kuwa ya tatu ndiyo ya kweli. Mfungie kazi kwenye tukio, si kwenye saa. Mfano, anayeinuka mezani wa mwisho ananyanyua beseni na kuliweka mahali pake. Beseni likiwa pale, tupu, ndilo linalouliza.

Mama Wawili, usimpe mambo mawili mapya kwa mpigo. Wiki hii jicho, wiki ijayo kuanza. Ukimdai vyote, jicho ndilo litakaloanguka.

#35 Bi Shani
Mimi naona sababu ya tatu. Anasahau kwa sababu asipofanya hakuna kinachotokea, mama ataosha. Usiku mmoja viache. Asubuhi hakuna kikombe cha chai kilicho safi, bila kufoka. Atakumbuka kesho yake.

#36 Zuhura
Hilo linaadhibu nyumba nzima, pamoja na mdogo. Na ukoko uliolala usiku kucha unafanya kazi yake ya asubuhi iwe mara mbili, achukie zaidi.

#37 Bi Shani
Sufuria ziloweke usiku kama alivyosema Mpishi, zilizobaki zimngoje.

#38 Tandabui
Mama Wawili, mtoto wako anashika sponji kwa mkono gani?

#39 Mama Wawili
Wa kushoto. Mbona umeuliza?

#40 Tandabui
Nilihisi. Na kichanja kiko upande gani?

#41 Mama Wawili
Kushoto kwake. Kimekaa pale miaka yote.

#42 Tandabui
Basi hamisha. Mkono unaoshika sponji haushiki sahani. Yeye sahani iko mkono wa kulia, lakini kichanja kiko kushoto, kwa hiyo kila chombo kinavuka mbele ya tumbo lake, juu ya mkono mwingine, kikidondosha maji njia nzima. Angalia sakafu anapomaliza: bila shaka imelowa mbele ya kigoda chake. Beseni la kuoshea libaki mbele yake, la kusuuzia na kichanja viwe kulia. Vichafu vimfikie kutoka kushoto. Kwa anayesugua kwa mkono wa kulia ni kinyume chake. Sakafu iliyolowa na kigoda ndivyo vinavyoangusha watoto, kuliko kisu.

#43 Mlezi wa Awali
Sikuwa nimefikiria hilo. Asante Tandabui.

#44 Mama Wawili
Nimehamisha jana. Sakafu ilikuwa na matone machache tu, na alitumia dakika 29. Mdogo naye ameanza vijiko vikavu. Anavipanga vizuri, ila anakilamba kila kimoja kabla ya kukitia kwenye droo. Nimrudishie vyote vioshwe tena, au nimpe vikombe badala yake?

#45 Bi Shani
Mpe sahani yake aibebe na kuikwangua, kama nilivyosema. Hiyo hata akiilamba inaelekea kuoshwa.

#46 Mlezi wa Awali
Mpe vikombe. Vijiko vimrudie baada ya mwezi mmoja.